Mwaka wa Mama Mushiya Haujaisha

Mtu akikuambia Mama Mushiya wa Kolwezi ni mkorofi, mwangalie kwanza miguuni. Kama amevaa mabuti ya mpira yenye soli ya njano, basi kayanunua kwake, na kama hayajaingiza maji msimu mzima wa mvua, basi huo ukorofi umemfaa. Mimi namjua miaka kumi na moja, na nimegombana naye karibu kila wiki. Nina haki ya kusema.

Jina langu Tania Kisimba. Nina chumba kimoja karibu na soko, na juu ya mlango nimeandika "Secrétariat public". Nina kompyuta moja, mashine moja ya fotokopi yenye kiburi, na viti viwili vya wateja. Nachapa barua za maombi ya kazi, nachapa barua za kuomba msamaha, na watu wakiletewa karatasi wasizozielewa wananiletea niwasomee. Zamani nilifanya kazi miaka sita kwa wakala wa duane, yaani forodha, kule Kasumbalesa, mpakani, kwa hiyo karatasi ndefu hainitishi. Ndivyo nilivyodhani, angalau, mpaka hii habari ya Mama Mushiya iliponitia adabu.

Yeye ni mtu wa Sandoa. Alikuja Kolwezi akiwa ameolewa, akazaa watoto wanne, mume akafa, akabaki na nyumba ya vyumba viwili na beseni moja la plastiki. Beseni hilo ndilo lililokuwa duka lake la kwanza. Alikuwa akipanda basi mpaka Ndola, upande wa Zambia, ananunua mabuti jozi ishirini kwenye kiwanda cha Musuku, anarudi nayo, anayapanga ndani ya beseni na kwenda kuyauza njiani, pale vijana wachimbaji wanapopita kwenda kuchimba shaba na kobalti. Kabla hajanunua mzigo alikuwa anafanya jambo ambalo wale wa kiwandani walilicheka: anaomba beseni la maji, anavaa buti, anasimama ndani ya maji saa nzima, watu wote wanamtazama. Soksi ikitoka na unyevu, harudishi buti moja tu, anakataa katoni nzima. Walicheka mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili wakaanza kumchagulia katoni nzuri kabla hajafika, kuepuka aibu.

Baadaye akapata duka, akawa analeta jozi mia kwa lori. Ndipo akaniambia siku moja, "Tania, mi nimechoka kuwa muteja. Mi natafuta kontra. Bote ya Musuku ikiuzwa huku, iuzwe na mi peke yangu."

Nikamwambia kiwanda hakitakubali. Akasema, "Sikukuuliza kama watakubali. Nilikuambia natafuta." Akapanda basi. Alikwenda Ndola mara nne, na mara ya nne akarudi na mkataba wa kurasa kumi na mbili, Kifaransa upande mmoja na Kiingereza upande mwingine, wenye nafasi ya jina lake pale chini. Akautupa juu ya meza yangu.

"Kurasa kumi na mbili mi sina macho yake," akasema. "Nitolee mambo ine tu. Nauza peke yangu ama hapana? Nauza wapi? Nauze mingapi? Na siku wakinichoka, banaweza kunifukuza namna gani? Weka kwa ukurasa moja, nibandike kwa ukuta."

Nikamtolea. Niliandika ukurasa safi kabisa, na kila jambo nikaliwekea namba ya kifungu chake. Haki ya kuuza peke yake: ipo, kifungu cha nne, isipokuwa migodi miwili mikubwa ambayo kiwanda kinaiuzia chenyewe. Eneo: Kolwezi, Mutshatsha, Tenke na Fungurume. Sandoa haimo. Alipoona Sandoa haimo alinuna nusu saa, kama vile mimi ndiye niliyeifuta kwenye ramani. Kiwango cha chini: jozi elfu moja na mia mbili kwa mwaka wa mkataba, kifungu cha saba. Kuvunja: kifungu cha kumi na mbili. Pembeni ya kiwango cha chini nikaandika kwa mkono wangu mwenyewe: *mwaka unaanza 4 mwezi wa 3.*

Sasa ngoja nikueleze hiyo tarehe nne, maana hapo ndipo tulipojikwaa wote. Kwetu jambo halianzi kwa sababu limeandikwa. Linaanza siku lilipoombewa na kuliwa. Nyumba inaanza siku hiyo, ndoa inaanza siku hiyo, duka vilevile. Tarehe nne mwezi wa tatu, Baudouin Ngoyi, mwakilishi wa kiwanda upande wetu wa Kongo, alikuja na mkataba uliokwisha wekwa sahihi Ndola. Mama Mushiya akaandika "nimesoma na nimekubali", akaweka herufi za jina lake kila ukurasa, na kabla wino haujakauka mbuzi alikuwa tayari sufuriani. Mchungaji aliombea mabuti. Wallahi, niliyaona kwa macho yangu, buti za mfano jozi tatu mezani na mkono wa mchungaji juu yake. Tukala bukari, ndiyo ugali wetu, na nyama mpaka tukashindwa kusimama. Baudouin alikula kuliko wote. Mchoraji akaandika kwenye ukuta wa duka, kwa rangi ya njano: "Musuku, tangu 4 Machi". Nani tena angeuliza mwaka unaanza lini? Mimi nilikuwepo, nilikula paja. Nikarudi ofisini nikaandika tarehe.

Kisha mzigo wa kwanza ukakwama. Lori lilifika Kasumbalesa, mara karatasi hii imepungua, mara muhuri ule umefifia, wiki zikapita na mvua ikaisha. Mabuti yalitoka duane tarehe ishirini na mbili mwezi wa tano. Msimu mzuri wa kuuza ulikuwa umekwisha, na Mama Mushiya akaanza biashara yake wakati wa vumbi, wakati hakuna anayetaka buti. Hakulia. Alikwenda mpaka Fungurume na Tenke mwenyewe, na kwenye machimbo madogo huko njiani, akiuza jozi tatu hapa, kumi pale.

Ikapita miezi. Mwaka uliofuata, tarehe ishirini na tano mwezi wa tatu, aliingia kwangu saa nne asubuhi bila kubisha hodi, bila kusalimu. Alikuwa na karatasi moja mkononi.

"Soma huu mukanda, hii barua. Na usinipe maneno ya kunifurahisha."

Nikasoma. Ilikuwa karatasi iliyoandaliwa na Baudouin, yenye nafasi mbili za sahihi. Ilisema kwamba pande zote mbili zinakubaliana kuwa mwaka wa kwanza wa mkataba umekwisha tarehe tatu Machi. Kwamba Mama Mushiya amechukua jozi mia tisa na arobaini badala ya elfu moja na mia mbili. Kwamba kwa hiyo haki yake ya kuuza peke yake imekwisha na mkataba umevunjika kwa makubaliano, na kwamba kuanzia sasa atanunua mabuti kutoka kwa msambazaji mpya, nyumba moja kubwa ya biashara hapo mjini. Baudouin angepita Ijumaa kuchukua sahihi.

"Kununua kwa batu," akasema Mama Mushiya. "Mi nilisimama mu mayi saa mingapi juu ya ile bote? Sasa nitaenda kupiga foleni kwa dirisha ya mutu, nimuombe bote yangu mwenyewe?"

Nilikuwa nimeshafungua ule ukurasa wangu safi. Elfu moja na mia mbili, mwaka unaanza nne mwezi wa tatu. Mia tisa na arobaini. Kwa karatasi yangu mimi, Baudouin alikuwa na haki. Miaka yote nimewaambia watu wasitie sahihi bila kusoma, na sasa kazi ya mikono yangu ndiyo ilikuwa inamfukuza huyu mama kwenye duka lake.

"Mama," nikasema, "kwa ukurasa huu, jozi mia mbili na sitini zimepungua."

"Huo ukurasa aliandika nani?"

"Mimi."

"Basi uache. Soma kontra yenyewe. Toka mwanzo, sitoki hapa."

Akakaa kwenye kiti cha wateja na kuweka mkoba wake mapajani. Akamwambia kijana aliyekuja kufanya fotokopi ya cheti cha kuzaliwa arudi mchana. Katika ofisi yangu, eti. Nikamwacha.

Nikaanza ukurasa wa kwanza, ule ambao mara ya kwanza niliuruka, kwa sababu ni ukurasa wa maana ya maneno na huwa unachosha. "Bidhaa" maana yake hiki. "Eneo" maana yake kile kilichoandikwa kwenye kiambatisho cha kwanza. Kisha nikafika kwenye "Mwaka wa Mkataba": kipindi cha miezi kumi na miwili kinachoanza Tarehe ya Kuanza. Na "Tarehe ya Kuanza", mistari mitatu chini yake, ilikuwa siku ambayo mzigo wa kwanza umeruhusiwa na duane kutoka upande wa Kongo.

Nikasoma mara ya pili kwa sauti. Nikasoma na upande wa Kiingereza, neno moja moja, kidole kwenye mstari. Vilevile.

"Mama, lori ya kwanza ilitoka duane lini?"

"Ishirini na mbili, mwezi wa tano. Siku ile siwezi kuisahau, nilipiga magoti pale kwa parking."

"Basi mwaka wako haujaisha. Unaisha tarehe ishirini na moja mwezi wa tano. Leo ni ishirini na tano mwezi wa tatu. Umebakiwa na siku hamsini na saba."

Akasema polepole, "Kwa hiyo weye ulikula mbuzi yangu mpaka ukasahau kusoma."

"Ndiyo, mama."

"Na Baudouin pia."

"Na Baudouin pia. Nadhani yeye anaamini kabisa hii tarehe."

"Anaamini ama hapana, si kazi yangu. Endelea."

Niliona aibu, sifichi, lakini aibu ile ndiyo iliyonifumbua macho. Safari hii sikuchukua kitu kwa kumbukumbu. Nilichukua karatasi mpya, na kila nilipoandika jambo niliandika na kifungu, na ukurasa, na maneno yenyewe yalivyo, halafu nikafuata kila "isipokuwa" na kila "kwa masharti ya kifungu fulani" mpaka pale kilipoishia. Kifungu kimoja kinatuma kwenye kingine, nawe usipokifuata unabaki na nusu ya habari.

Mambo yalitoka. Kwanza, hata mwaka ungekuwa umekwisha, kukosa kiwango cha chini hakuvunji mkataba. Kifungu cha saba kinasema kiwanda kitume onyo la maandishi, kitoe siku sitini za kufidia jozi zilizopungua, na zikipita bila kufidiwa, kinaweza kumwondolea ile haki ya kuuza peke yake. Hiyo tu. Mkataba wenyewe unabaki. Baudouin alikuwa hajatuma onyo lolote. Alikuwa ameruka ngazi zote na kuleta karatasi ya makubaliano, kwa sababu mtu akishatia sahihi makubaliano hakuna tena haja ya kumwonya.

"Kwa hiyo ningetia sahihi," akasema Mama Mushiya, "ningejifukuza mi mwenyewe."

"Ndiyo maana wanataka sahihi yako. Wangeweza peke yao, wasingeiomba."

La pili lilikuwa kifungu cha nne, sehemu ya tatu. Jozi yoyote ambayo kiwanda kitauza chenyewe ndani ya eneo lake, nje ya ile migodi miwili, inahesabiwa kwenye kiwango cha chini cha msambazaji. Na kila miezi mitatu kiwanda kinatakiwa kumpa orodha ya mauzo hayo. Nikamuuliza kama alishawahi kupata orodha hata moja. Hakuwahi. Akakunja uso, akafikiri.

"Tenke," akasema. "Mwezi wa kumi na moja nilikuwa Tenke. Kuna kampani moja inatengeneza reli, batu yake yote banavaa bote ya Musuku. Niliangalia katoni, namba ya loti si yangu. Mi najua loti zangu zote. Niliwaza labda inatoka kwa magendo."

"Wangapi?"

"Mingi. Sikuhesabu. Mia mbili, mia tatu."

La tatu sikupenda kumwambia, lakini nilikuwa nimeshaapa kutoficha. Kifungu cha kumi na mbili, sehemu ya pili: mwaka wa kwanza wa mkataba ukishakwisha, upande wowote unaweza kuuvunja bila kutoa sababu, kwa taarifa ya maandishi ya siku tisini. Nikamsomea. Nikamwambia wazi, "Mama, hata ukishinda hili, wakitaka kukuacha watakuacha. Ila siyo leo, na siyo hivi."

Aliinamisha macho kwenye mkoba wake. Nikafikiri moyo umevunjika. Nilikuwa hata nimeanza kutafuta maneno ya kumfariji, nikasema kitu kama kwamba labda ingekuwa amani zaidi kukubali, kununua kwa ile nyumba kubwa, kuepuka vita.

"Nyamaza, Tania," akasema. "Chapa barua."

Ijumaa Baudouin alikuja, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni. Mama Mushiya aliniita dukani nikae pale na mkataba. Baudouin si mtu mbaya. Alitusalimu vizuri, akauliza watoto, akasema anaona huruma sana lakini hesabu ni hesabu, mwaka umekwisha.

"Tata Baudouin," akasema Mama Mushiya, "mwaka unaanza siku gani?"

Baudouin akageuka, akaonyesha ukuta. Rangi ya njano ilikuwa bado inang'aa. "Mama, si umeandika weye mwenyewe? Tangu ine Machi."

"Ukuta hauna sahihi ya kiwanda. Tania, musomee."

Nikamsomea ukurasa wa kwanza. Nikamwekea mbele karatasi ya duane ya tarehe ishirini na mbili mwezi wa tano, na muhuri wake. Aliitazama muda mrefu. Akachukua mkataba wake yeye kutoka kwenye mkoba, akafungua ukurasa huohuo, akasoma midomo ikicheza. Nilimwona anaelewa. Shingo ilianza kumtoka jasho.

"Hii..." akasema, "sisi wote tulihesabu kutoka siku ya sherehe."

"Tulihesabu vibaya," nikasema. "Hata mimi."

Lakini hakuwa mtu wa kushindwa upesi. Akavuta pumzi, akasema kuna jambo jingine. Ana habari kwamba Mama Mushiya ameuza mabuti Sandoa, nje ya eneo lake, jozi arobaini, na hilo peke yake ni kosa. Mama Mushiya akataka kusimama. Nikamshika mkono. Nilikuwa nimelitegemea, nimelitafuta.

"Kifungu cha tano, Tata Baudouin. Anakatazwa kufungua duka nje ya eneo, anakatazwa kutangaza huko, anakatazwa kwenda kutafuta wateja huko. Hakatazwi kumuuzia mtu aliyekuja mwenyewe hapa Kolwezi. Dada yake anayekaa Sandoa alikuja kwa miguu yake, akalipia kwenye meza hii, akabeba."

"Na mi nitamfukuza dada yangu?" akasema Mama Mushiya. "Nimwambie, weye rudi Sandoa na miguu wazi, kontra haikutaki?"

Baudouin akafunga mkoba. Hapo ndipo nikampa barua. Ilikuwa ya ukurasa mmoja. Ilisema mwaka wa mkataba unaisha tarehe ishirini na moja Mei, na kwa nini. Ilisema Mama Mushiya hatatia sahihi makubaliano yoyote. Ilisema kuleta msambazaji mwingine ndani ya eneo kabla ya hapo ni kuvunja kifungu cha nne. Mwisho iliomba orodha ya jozi zote ambazo kiwanda kimeuza chenyewe ndani ya eneo, pamoja na zile za Tenke.

Aliposikia Tenke aliacha kusoma. Hakuuliza Tenke gani. Alikunja barua, akataka kuiweka mfukoni.

"Hapana," akasema Mama Mushiya. "Kwanza andika kwa kopi yetu: imepokelewa, tarehe, jina, sahihi."

"Mama, mi nitaipeleka tu, usijali."

"Sijali. Andika."

"Lazima nimuulize bosi kwanza."

"Kusema ulipokea barua, bosi anaingia wapi? Hukubali ile iko ndani. Unasema tu uliipokea, na iko mukononi mwako. Ukikataa, Jumatatu huisye, ule mutu wa korti wa kupeleka barua, atakuletea kwa mulango, mbele ya majirani. Chagua."

Na akavuta kiti chake mpaka mlangoni, akakaa pale, mkubwa wa mwili kama alivyo, mkoba mapajani. Wateja wawili walikuja, akawaambia wasubiri kidogo, kuna tata anaandika. Baudouin alinitazama mimi, kana kwamba ningemsaidia. Nikamwazima kalamu, ingawa alikuwa na zake mbili. Akaandika.

Jibu la Ndola lilichukua wiki tatu. Lilikuja kwa barua pepe yangu, nikalichapa nikakimbia nalo dukani kwa viatu vya nyumbani. Kiwanda kilikubali tarehe. Kiliita ile karatasi ya Baudouin "rasimu iliyotumwa kwa makosa", maneno ya kistaarabu hayo. Na orodha iliambatishwa: jozi mia tatu na kumi, zimeuzwa Tenke, kampuni ya reli. Mia tisa na arobaini, ongeza mia tatu na kumi. Elfu moja mia mbili na hamsini. Alikuwa ameshavuka kiwango kabla hata ya kuuza buti nyingine moja. Nikamwambia, na yule mama ambaye sijawahi kumwona akicheka kazini aliangua kicheko mpaka akashika meza. Njia ya mwongo ni fupi, akasema, na hii ilikuwa fupi kama hapa mpaka Tenke.

Mwezi mzima uliobaki aliuza kama mtu mwenye hasira. Ile nyumba kubwa iliyokwisha safisha ghala lake ikaendelea kuuza sementi.

Tarehe ishirini na tatu mwezi wa tano Baudouin alirudi. Safari hii hakuleta kalamu. Alileta bahasha, akaipokeza kwa mikono miwili, akaomba radhi kwa sauti ya chini, akaondoka. Nilikuwepo, nilikuwa nimekuja kumnunulia mdogo wangu buti. Mama Mushiya akanipa niisome. Kifungu cha kumi na mbili, sehemu ya pili. Bila sababu. Siku tisini kuanzia leo, mkataba utakoma tarehe ishirini na moja Agosti. Mpaka siku hiyo haki yake ya kuuza peke yake inaendelea, na siku hiyo kiwanda kitanunua tena mabuti yote yatakayobaki dukani kwa bei ileile waliyomtoza.

Nikamsomea mpaka mwisho. Nilikuwa nimemwambia kwamba itakuwa hivi, lakini kulisema jambo na kulishika mkononi ni mambo mawili. Nikasema, "Pole, mama. Tumepigana bure."

Akaninyang'anya barua. Alitafuta jina lake pale juu, akaliwekea kidole: *Madame Mushiya Laure.*

"Bure?" akasema. "Mume wangu alifanya kazi kwa kampani moja miaka makumi mbili na munane. Siku moja akaenda asubuhi, akakuta kikaratasi kimebandikwa kwa mulango, majina mia mbili, jina yake ilikuwa ya mia moja na kumi na ine. Hakuna mutu alimwambia kitu. Hakuna hata siku moja walimupa. Alirudi nyumbani na chakula yake ya mchana bado mu sahani. Aliniuliza mpaka siku alikufa, Laure, nilikosa nini? Sikukuwa na cha kumujibu."

Akaikunja barua katika nne, akaitia kifuani.

"Mi wamenipa siku tisini. Kwa jina yangu, kwa mikono mbili, na waliniomba radhi. Iko mahali katika ile kontra panasema nisiuze bote ya mutu mwingine kisha?"

"Nimezisoma kurasa kumi na mbili mara tatu, mama. Panasema usiuze wakati mkataba unaendelea. Baada ya hapo hapana kitu."

"Bien. Kesho saa mbili nitakuwa kwako, tutaandikia viwanda vingine. Kwanza lipa bote ya mudogo yako, usifikiri ni bure."

Nikalipa. Hakunipunguzia hata faranga moja.